Kiti cha Kando ya Soketi

Mimi ni fundi cherehani, na kukaa bure kwangu ni adhabu. Mama alipopata kiharusi, upande wake wote wa kushoto ukalala. Alipotoka wodini nikamleta nyumbani, nikasogeza cherehani kando, nikapanga kitanda chake chumba cha mbele, ubavu wa kulia ukutani. Kiti changu nikakiweka kushoto kwake, kando ya soketi. Nani akae mchana kutwa bila chaji?

Siku ishirini na mbili nilikaa pale. Mama alilala uso kwa ukuta. Nikajua kanuna, maana kununa hakumshindi. Mara mojamoja alisema kwa ulimi mzito, "Kadogo." Nina miaka hamsini na mbili, bado naitwa Kadogo. Nami nikajibu "Nipo, Mama," macho kwenye simu, nikiangalia wapishi wa nchi nisizozijua wakikata vitunguu.

Lakini alikuwa anaisha. Alikula kidogo kwa mkono wake mzima, kisha akaacha. Nikimpa kijiko anashtuka, anafunga mdomo. Daktari alisema atampima Ijumaa, na akiwa amepungua tena, arudi wodini awekewe mpira wa chakula puani. Ule mpira nilishauona. Mara ya kwanza aliung'oa, wakamfunga mkono kitandani, naye akalia kama mtoto. Sikutaka kuona tena.

Jumapili kaka yangu, fundi redio, alikuja kumsalimu Mama. Akaniangalia weee.

"Dada, hiyo simu inanyonya? Mbona huitui?"

"Nachoka kukaa. Wewe ungekaa?"

"Redio ikikwaruza mimi siipigi kofi. Nauliza imeanza lini, na kabla yake kulitokea nini. Huo uchovu wako nao uulize."

Nikamwambia akaulize redio zake. Mdomo ninao.

Lakini Jumatatu mkono ulipoanza kuitafuta simu, nikauzuia, niuone mwisho wake. Ile hamu ilianzia kwenye kidole gumba, ikapanda kifuani, miguu nayo ikawa haitulii. Nilidhani itaendelea mpaka nipasuke. Kumbe ilipanda, ikasimama, ikashuka, haikumaliza hata muda wa kupindia suruali moja. Baadaye ikarudi. Mara nyingine nilishindwa, nikaishika simu, na nilipoiweka chini ile hamu ilirudi upesi zaidi.

Hadi Jumatano nilikuwa nimeona jambo moja. Kila ilipokuja, muda mfupi kabla yake Mama alikuwa amekataa kijiko. Nilikuwa nikiiita uchovu, nikiiita kuboreka. Ilikuwa hofu. Niliogopa mama yangu atakufa njaa mbele yangu na mimi nimeshika bakuli. Basi nilipojua hivyo, mnadhani nilipata nafuu? Hofu ilinikalia kifuani nzima nzima, na sikuwa na la kufanya ila kuangalia.

Alhamisi mchana nikaangalia sahani. Alikuwa amekula wali, akaacha, kama kawaida. Nilizoea kuibeba tu na kulalamika. Safari hii nikajiuliza, ameacha upi? Nusu ya kulia ilikuwa tupu, hakuna punje. Nusu ya kushoto haikuguswa. Mpaka wake ulinyooka kama nimeukata kwa mkasi. Mtu aliyeshiba haachi hivyo.

Nikaizungusha sahani. Mama akautazama ule wali kana kwamba ndiyo kwanza umepakuliwa, akala.

Nikaiweka chini sahani tupu. Nikachukua kijiko cha maji, nikakipitisha polepole mbele ya uso wake kutoka kulia. Macho yalikifuata hadi katikati, yakakiacha. Upande wa kushoto, kwake, haukuwepo. Kijiko changu kilikuwa kinamtokea mdomoni ghafla, hajui kimetoka wapi. Na kushoto ndiko nilikokuwa nimekaa.

Nikakivuta kitanda kutoka ukutani peke yangu, mgongo ukalia, nikapenya upande wa kulia. Nikachuchumaa, maana kiti hakikupita.

Macho yake yakanipata. Akainua ule mkono mzima akanigusa shavu.

"Kadogo. Umekuja lini?"

Nilitaka kumweleza yote, upande, sahani, kiti. Lakini kesho ni Ijumaa, na sahani moja ya wali haiwezi kurudisha kilo za wiki tatu. Ningemweleza nini?

"Sasa hivi, Mama," nikasema.

Akatikisa kichwa, hakuwa na hasira hata kidogo.

"Nilikuita sana," akasema. "Sauti yako naisikia, wewe sikuoni. Nikajua ndiyo nakufa."