Kipindi cha Saa Nne

Wifi yangu hapendi kitu kipotee bure. Kipande cha sabuni kikibaki kama ukucha, atakibandika kwenye sabuni mpya. Ukimpa zawadi iliyofungwa kwa karatasi nzuri, ataifungua taratibu mpaka utamani umnyang'anye uifungue mwenyewe, na karatasi ile utaiona tena mwaka ujao imefunga zawadi yako. Alipoolewa na kaka yangu, wiki ya kwanza tu aligundua kwamba kaka anachukia kuosha vyombo lakini kunyoosha nguo anakuona starehe, na yeye mwenyewe ni kinyume chake. Basi wakabadilishana. Mpaka leo kaka ananyoosha nguo huku akipiga mluzi, na wifi anaimba kwenye sinki.

Kufundisha uchumi chuoni kwetu ndiyo kazi yake, na mimi ni karani wa idara hiyohiyo. Watu huniuliza naishije na wifi nyumbani na kazini. Nawajibu kwamba kazini angalau nalipwa.

Tabia yake ya kubadilishana vitu aliileta na ofisini. Mzee wa Takwimu alikuwa amekaa karibu na soketi ambayo hakuwa na kazi nayo, maana kompyuta haipendi, na kila siku analalamika kwamba hapati mwanga. Mkuu wa Idara alikuwa amekaa dirishani, jua linampiga usoni, na waya wa kompyuta yake umevutwa chumba kizima mpaka sote tunauruka kama watoto wanaoruka kamba. Wifi alisimama katikati, akawatazama wote wawili, akasema:

"Jamani, hameni! Huyu aende kule, yule aje huku. Nani anaumia hapo?"

Hakuna aliyeumia. Walihama siku hiyohiyo na wote wawili wakamshukuru. "Mabadilishano ya namna hii yakiwepo na hamyafanyi," alituambia huku akipangusa vumbi la meza, "mnatupa raha jaani. Mkishayafanya yote, hata moja halijabaki, hapo mmefika kwenye ufanisi. Ufanisi wa Pareto, yule mchumi wa Kiitaliano. Mtu hawezi kunufaika tena mpaka mwingine aumie."

Alilisema neno hilo kama anavyotaja jina la mjukuu wake.

Sasa, idarani kwetu kulikuwa na desturi. Somo la mwaka wa kwanza hufundishwa kwa mafungu manne: saa moja asubuhi, saa nne asubuhi, saa nane mchana, na saa kumi na mbili jioni. Walimu wake ni wanne, na yeyote anaweza kufundisha fungu lolote. Kila muhula, kwenye chumba cha chai, wanachagua kwa zamu kufuata ukongwe kazini. Wifi ndiye mkongwe kuliko wote, basi anachagua wa kwanza: saa nne, kila mara saa nne, kabla hata birika halijachemka. Mzee wa Takwimu anafuata, naye anachukua saa moja kwa furaha, kwa sababu yeye huamka kabla ya jogoo na kufikia mchana ana usingizi. Mkuu wa Idara ni wa tatu. Asubuhi ana vikao, kwa hiyo saa nane ndiyo chaguo la moyo wake. Anayebaki anapewa kilichobaki, na kilichobaki ni jioni.

Aliyebaki alikuwa mwalimu mpya, binti aliyewahi kuwa mwanafunzi wa wifi mwenyewe. Sisi tulimwita Mgeni, ingawa alikuwa na mwaka mzima pale. Mume wake ni mwoka mikate. Huondoka nyumbani usiku wa manane, alfajiri anaoka, mchana anasambaza madukani, na anarudi saa kumi na moja jioni. Saa hiyo ndiyo Mgeni anatoka kuja kufundisha. Wanapeana mtoto mlangoni, yeye anaondoka. Akirudi saa tatu usiku, mume kalala, mtoto kalala.

"Dada," aliniambia siku moja akicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika machoni, "mume wangu namwona akiwa amefumba macho tu."

Alikuwa amekuja mezani kwangu kuomba barua ya utambulisho. Chuo kimoja cha kwao kilikuwa tayari kumpa vipindi vya mchana. Angeondoka na mtoto mwisho wa muhula, akaishi kwa mama yake, angalau jioni awe na mtoto. Mume angebaki na tanuri lake, maana tanuri halibebeki. Niliichapa ile barua polepole kuliko nilivyowahi kuchapa kitu chochote, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Nilimwambia wifi. Ni lazima niseme ukweli, hakupuuza. Alimpenda sana yule binti. Kesho yake alichukua chaki, akachora mafungu manne kwenye ubao wa chumba cha chai, akaanza kutafuta mabadilishano kama mtu anayetafuta funguo.

"Mzee, utampa saa moja, wewe uchukue jioni?"

"Jioni nitalala mbele ya wanafunzi," Mzee wa Takwimu akajibu. "Wataniibia miwani."

"Mkuu, saa nane?"

"Ningependa kumsaidia, lakini jioni kwangu haiwezekani."

"Mabadilishano ya watatu?" Wifi alichora mishale, akaifuta, akachora mingine. Mwishowe aliiweka chaki chini, akamgeukia Mgeni kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, nimejaribu. Ratiba hii imeshafika kwenye ufanisi. Hakuna njia ya kukunufaisha wewe bila mtu mwingine kuumia. Haina pa kurekebishwa."

Mgeni aliitikia, "Ndiyo, mwalimu," akaosha kikombe chake, akatoka. Mimi niliutazama ubao. Wifi alikuwa amewauliza wote isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyeshika chaki. Nilitaka kusema, nikajiuma ulimi, maana jioni hiyo ilikuwa zamu yake kupika.

Siku mbili baadaye nilikwenda darasani kwake kuchukua karatasi ya mahudhurio. Ilikuwa saa nne na nusu, darasa limejaa, na wifi alikuwa amefika pale anapopapenda.

"Mkate mmoja, watu wawili," alikuwa akisema, mikono hewani. "Mmoja anauchukua wote, mwenzake anabaki anameza mate. Je, kuna ufanisi?"

"Hakuna!" darasa likapiga kelele.

"Upo! Hakuna hata punje iliyopotea. Ukitaka kumpa huyu kipande, lazima umkatie yule. Na mkigawana nusu kwa nusu? Ufanisi upo pia! Zote mbili zimepita mtihani uleule. Kwa hiyo ufanisi unakuambia tu kwamba hakuna kinachopotea. Haukuambii nani amekula. Hilo la haki ni swali jingine, na ni lazima mliulize wenyewe. Nipeni mfano wa maisha ya kila siku."

Kijana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye miwani mikubwa, akanyoosha mkono.

"Ratiba ya walimu wa somo hili, mwalimu. Dada yangu yuko fungu la jioni. Anasema mwalimu wao anafundisha vizuri lakini anatazama saa kama mtu aliyeacha chungu motoni. Ni nani aliyechagua kwanza?"

Mimi nilishika karatasi ya mahudhurio kifuani. Wifi akautazama ubao, akatazama saa ya ukutani iliyosema saa nne na nusu, saa yake, saa aliyoichagua kila muhula tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, wanafunzi wakacheka naye, hata wale ambao hawakujua wanacheka nini.

"Niliuchukua mkate mimi," akasema akijifuta machozi. "Wote! Halafu nikamwambia mwenye njaa kwamba hakuna punje iliyopotea!"

Mganga hajigangi, wanasema. Huyu alijiganga mbele ya wanafunzi sitini.

Mchana huohuo aliwaita wote kwenye chumba cha chai. "Leo tunachagua ratiba ya muhula ujao," akatangaza, "na tunaanzia mkiani. Mgeni, chagua."

Mgeni alimtazama kila mmoja wetu. Alidhani anafanyiwa mzaha.

"Saa... saa nne?" akasema kwa sauti ndogo. "Asubuhi jirani yangu anaweza kukaa na mtoto."

"Saa nne ni yako. Mkuu?"

"Saa nane," akasema Mkuu wa Idara, akashangaa kuiona bado ipo.

"Mzee?"

"Saa moja. Nani mwingine anaitaka?"

Ikabaki jioni, na akabaki wifi. Mkuu na Mzee, walipoona hawajapoteza hata dakika, waliusifu mpango ule kwa moyo wote. Mzee alisema ndio uamuzi wa busara kuliko maamuzi yote aliyowahi kushuhudia. Watu huwa wakarimu sana wanapogawa jioni ya mwenzao.

Wifi alichukua chaki, akaichunguza ratiba mpya kama alivyoichunguza ile ya zamani. "Naitaka saa nne, lakini mwenye nayo hawezi kuniachia bila kuumia. Wengine vivyo hivyo. Angalieni! Na hii nayo ina ufanisi. Kamili kama ile ya kwanza. Kutoka ile kuja hii nimeumia mimi, kutoka hii kurudi ile ataumia yeye, na Pareto kanyamaza kimya. Basi tuseme sisi. Kuanzia sasa kuchagua kwanza kutakuwa kwa zamu, kila muhula mtu mwingine."

"Mwalimu," Mgeni akasema, "lakini wewe..."

"Mimi nina mume aliyestaafu, ninamwona mchana kutwa mpaka nimemchoka. Kunywa chai."

Nyumbani kaka yangu alinung'unika. Alitaka kujua kwa nini yeye hakuhesabiwa kati ya walioumia. Wifi alikubali kwamba hoja ni nzito, akamwahidi kuosha vyombo bila kuimba, na kaka akasema hapana, hilo litamuumiza zaidi.

Muhula ulipoanza, wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kwa wifi. Nilimwona akipanda ngazi saa kumi na mbili jioni, viatu vikimbana, akipiga miayo. Sitadanganya kwamba alikuwa na furaha ngazi kwa ngazi. Alikuwa amepoteza kitu alichokipenda, na alijua.

Ijumaa Mgeni aliingia chumba cha chai na mkate mkubwa wa mume wake, bado una joto. Aliniomba ile barua ya utambulisho, ambayo hakuwahi kuja kuichukua, akaichana vipande viwili, akavitupa. Kisha akamgeukia wifi.

"Jana tumekula jioni mezani, wote watatu," akasema. "Mtoto hakula. Alikuwa anamwangalia baba yake, ananiangalia mimi, anamwangalia baba yake tena. Halafu akaanza kupiga makofi."

Wifi aliweka kisu mezani. Alilia waziwazi, bila kujificha, huku akicheka, akatutaka radhi, akalia tena. Kisha akajipangusa kwa upande wa mkono, akaukata mkate vipande vitano, akavipima kwa jicho, na kile kikubwa akampa Mgeni.