Mstari Uliokosekana kwenye Tangazo la Dawa

Kwii, kwaa. Kwii, kwaa. Halafu shhhh, ndefu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Ndivyo lilivyolia bomba la fundi wa dawa ya wadudu alipolijaza upepo uani kwetu Mirongo, na mpaka leo nikiisikia sauti inayofanana na hiyo nalikumbuka lile tangazo.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita, ua mmoja na jiko moja la wote. Mende walikuwa wengi kutuzidi. Usiku ukiwasha taa jikoni waliondoka bila haraka, wamekuona wewe ndiye mgeni. Mama mwenye nyumba alipochoka kulalamikiwa akamtafuta fundi, na fundi akampa maelekezo kwa simu. Mama akaniita mimi, akanieleza yote aliyoambiwa.

"Wewe mwandiko wako unasomeka," alisema. "Andika tangazo, ubandike mlangoni pa jiko. Jumamosi saa tatu."

Nilifurahi, niseme ukweli. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ya kawaida tu, na tangu hapo hakuna aliyewahi kuniomba niandike kitu kikasomwa na watu. Nilikaa kizingitini na karatasi moja ya manila na kalamu ya wino mzito. Ndugu wapangaji, msogeze makabati na vitanda mbali na kuta. Mtoe vyombo kabatini. Paka, kuku na watoto watoke. Maji ya kunywa yafunikwe. Mkae nje kwa muda wa saa nne, mkirudi mfungue madirisha kwanza, na msipige deki pembeni mwa kuta kwa siku kadhaa.

Katikati ya kuandika mawazo yakanichukua. Nikamwona mende anahama: amevaa viatu sita, ameshika sanduku, anageuka kuaga. Nikamchora. Alinoga kiasi kwamba nikamwongezea kofia, na mke nyuma yake na kitenge kichwani. Niliposhtuka karatasi ilikuwa imebaki upana wa vidole viwili. Fundi alikuwa amesema hivi: vyakula vyote vitolewe nje, au viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Maneno hayo yote hayakuenea. Nikaandika: Vyakula vifunikwe.

Watu walisimama pale mlangoni wakacheka. "Huyu mke wa mende anafanana na shangazi yangu," alisema jirani mwendesha bodaboda. Nilijiona niko juu ya mawe ya ziwani, upepo unanipeperusha.

Jumamosi kila kitu kilikuwa katikati ya vyumba. Wengi, kwa akili zao tu, walibeba unga na mchele wakapeleka kwa majirani wa ng'ambo. Mimi nilimtia paka wangu kwenye kikapu, nikafunga juu na mtandio, akanitukana njia nzima kwa lugha yake. Nilishuka ziwani pamoja na bibi wa chumba cha mwisho. Alikuwa Mhaya, mjane, mpole, anatembea taratibu kama anayehesabu hatua. Aliniita mjukuu, ingawa hatukuwa na undugu wowote.

Tulikaa kwenye jiwe lililopata joto la jua. Ziwa lilikuwa limelala, rangi yake haijaamua kama ni buluu au fedha. Nikaanza kuota kama kawaida yangu: nina nyumba ndogo juu ya mawe, madirisha yote yanatazama maji, na bibi anakuja kunitembelea na ndizi.

"Kesho naenda Misungwi," alisema. "Kwa dada yangu."

"Yule anayeumwa?"

"Yule. Chakula hakipiti. Mchuzi anarudisha, uji anarudisha. Juzi kwenye simu akaniambia, mdogo wangu, kitu ninachokitamani ni senene tu, wale panzi wa kwetu. Nikapiga simu nyumbani Bukoba wanitafutie. Msimu umekwisha, wamepata hao wa mwisho. Walifika jana na meli."

"Umeshawakaanga?"

"Bado. Jana nimewanyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vikauma, nikawachemsha na chumvi. Leo wanakauka kwenye ungo. Jioni nakaanga."

Paka alinyamaza kikapuni. Au labda mimi ndiye niliyeacha kusikia.

"Ungo uko wapi, bibi?"

"Kitandani. Katikati ya chumba, kama ulivyoandika." Akanitazama, akaridhika na nafsi yake. "Nimefunika na kanga mbili."

Kanga mbili. Kwetu ukiambiwa funika chakula unafanya nini kingine? Unachukua kanga safi, unatandaza, umefunika. Hata mama yangu angefanya hivyo. Lakini kanga inapitisha upepo, inapitisha harufu, na ule ukungu wa dawa ni mwepesi kuliko vyote viwili.

Kwa muda nilitamani nisiseme. Niliona jinsi ingekuwa rahisi: bibi angekaanga, senene wangekuwa wekundu wa kupendeza, wangefungwa kwenye kopo. Halafu nikamwona dada yake, mwanamke nisiyemjua, anafungua mdomo kwa furaha. Hapo ndoto ikanikataa.

"Bibi, shikamoo," nilisema, kama vile ndiyo kwanza tumeonana.

"Marahaba. Una nini wewe?"

"Nimekosea. Fundi alisema chakula kitoke nje, au kiingie kwenye ndoo ya kubana. Mimi sikuandika. Karatasi ilijaa yule mende."

Alitazama mikono yake, ncha za vidole bado zina rangi ya kijani kibichi.

"Labda fundi hajafika chumbani kwangu," alisema mwishowe.

Tulipanda kilima haraka kuliko pumzi zake zilivyotaka. Fundi alikuwa uani anavua glavu, barakoa imening'inia shingoni. Alikuwa ameshamaliza hata chumba cha bibi.

"Shikamoo mama. Bado kuingia, saa nne hazijaisha."

"Marahaba. Baba, kile kitu kitandani..."

"Kile chini ya kanga? Nilidhani nguo."

"Ni senene."

Fundi alishika kiuno. "Mama, mbona hamkuambiwa mtoe chakula?"

Bibi hakunitazama. Hakunitaja. Hilo liliniuma zaidi ya kama angenitaja, nikasema mwenyewe, "Ni mimi, tangazo niliandika nusu."

"Nikiwakaanga sana je?" bibi aliuliza. "Moto mkali?"

"Moto hautoi dawa hii, mama. Hata kuosha. Na usiwamwage pale kuku wanapochokora, utaua na kuku."

Bibi alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Hakulia wala kunigombeza. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Mwaka kesho sijui kama atakuwepo," akafunga vizuri kitenge chake.

Saa zilipotimia tulifungua madirisha tukasubiri harufu ipungue. Bibi alinipa ungo mlangoni, akaingia kuzitia zile kanga kwenye maji ya sabuni. Kesho yake alikwenda Misungwi na mkungu wa ndizi tu, na aliporudi ilipita wiki nzima kabla hajaniita mjukuu tena.

Lakini jioni ile, wenzangu wakirudisha vitanda ukutani na kutaniana nani ana mende waliokufa wengi zaidi, nilichukua jembe nikazunguka nyuma ya choo, ambako kuku hawafiki. Udongo ulikuwa na mawe. Nilichimba mpaka shimo likanifika magotini, nikawamimina senene polepole wasitawanyike, nikawafukia, nikakanyaga juu kwa miguu yangu miwili, kisha nikavingirisha jiwe zito nikaliweka hapo.