Kadi ya Nane

Pale chuoni, katika idara ya lugha, walimwita Bi Kadi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa moja: kukaa mbele ya mtu asiyemjua, kumwonyesha picha, kumuuliza "Hiki ni nini?" na kuandika alichojibiwa. Ukiisikia unaweza kucheka. Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alicheka siku ya kwanza alipoelezwa, kisha akaona yuko peke yake katika kicheko hicho, akajifanya anakohoa.

Lakini ijaribu uone. Mtu akionyeshwa picha anataka apatie. Mwambie hata mara tatu kwamba hakuna kupata wala kukosa, bado atakuangalia usoni kama mwanafunzi aliyesimamishwa ubaoni. Bi Kadi alikuwa na namna yake ya kuwatuliza. Aliwauliza habari za nyumbani, akawasifia viatu, akawaacha wapumue. Wakitoka walimuaga kama wanaotoka kwa shangazi yao.

Mwaka huo kazi ilikuwa ya vikombe na mabakuli. Daktari, mama aliyeongoza utafiti, daktari wa maneno asiyeweza kutibu hata mafua, alikuwa amechora kadi kumi na mbili. Kila kadi ilikuwa na chombo kimoja kitupu, chenye mkono mmoja na kimo kilekile. Kilichobadilika ni upana tu. Kadi ya kwanza ilikuwa kikombe ambacho hata mtoto wa miaka miwili angekitaja. Ya kumi na mbili ungeweza kuogeshea kifaranga. Daktari alitaka kuona jina "kikombe" linaishia wapi na jina "bakuli" linaanzia wapi, naye aliamini kwamba hakuna mahali hapo. Neno, alisema, halina ukuta. Ni kama joto la jiko: ukikaa karibu unaungua, ukisogea mbali unapoa, lakini hakuna atakayekuonyesha tofali ambalo joto limekomea.

Kila mtu alifanya kazi mbili. Kwanza alionyeshwa kadi mojamoja, zikiwa zimechanganywa ili asifuate mpangilio, akataja jina la kila chombo. Simu ilirekodi na Bi Kadi akaandika. Kisha Bi Kadi alitoka nje, akamwachia fomu yenye picha zilezile. Humo mtu alitoa alama, moja mpaka saba, jinsi kila chombo kilivyo mfano mzuri wa kikombe. Saba ni kikombe hasa, hakina mjadala. Moja ni kitu kingine kabisa. Watu arobaini walipita kwa Bi Kadi, na wengine arobaini kwa mwalimu mmoja mstaafu katika chumba cha pili.

Jumanne asubuhi Daktari alimwita, akafunga mlango. Mezani palikuwa na karatasi mbili zenye michoro.

"Hii ya Mwalimu," Daktari alisema. "Kadi za mwanzo wote wanasema kikombe, za mwisho wote bakuli, na katikati watu wanagawanyika, pole kwa pole, kama mteremko. Sasa tazama yako."

Ya Bi Kadi haikuwa mteremko. Mpaka kadi ya nane watu thelathini na tisa kati ya arobaini walisema kikombe. Kadi ya tisa, thelathini na saba walisema bakuli. Mstari ulikwenda sawasawa juu, ukakatika, ukaanguka.

"Labda watu wangu wana uhakika zaidi," Bi Kadi alisema.

"Ningekubali, lakini kuna alama zao. Watu haohao, siku hiyohiyo. Kadi ya nane wameipa wastani wa nne, katikati kabisa. Ya tisa, tatu na nusu. Kalamu zao zina shaka, midomo yao haina." Daktari alivua miwani. "Bi Kadi, sisi ni watu wa siku nyingi. Ulijaza mwenyewe?"

"Sikujaza."

"Kamati ya utafiti inakaa Ijumaa. Wakiona hivi watasema majibu yamepikwa, na jina lako ndilo lililoko juu ya kila fomu. Wakishasema hivyo, hakuna atakayekupa kadi tena, wala mimi sitaweza kukutetea. Niletee sababu."

Bi Kadi alirudi nyumbani akiwa amekasirika mpaka masikio yanamuwaka. Kupika majibu, yeye? Yeye aliyewahi kumrudisha mtu siku ya pili kwa sababu simu ilizimika akiwa kadi ya kumi na moja? Usiku na kesho yake alipekua kila kitu kichwani. Kadi zilikuwa zilezile alizotumia Mwalimu. Kuchanganya alichanganya. Fomu za alama watu walijaza peke yao, mlango umefungwa. Hakuona kosa, na wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano alasiri alikuwa jikoni anachambua mchele. Mkwewe alikuwa amepanda juu ya kiti, anapanga kabati upya, kazi aliyoipenda na ambayo hakuna aliyemwomba aifanye.

"Mama, hili bakuli la bati niliweke rafu ya juu?"

Bi Kadi hakuinua hata macho. "Kweli?"

"Kikombe. Samahani, Mama. Kikombe cha Mzee."

Mzee alikuwa mumewe, fundi bomba, aliyefariki miaka minne iliyopita. Kwa miaka ishirini na sita alinywea chai katika chombo hicho kipana cha mkono mmoja, ili mkate uingie mzima bila kukatwa. Majirani walimtania kwamba anakunywa chai kwenye beseni. Yeye alijibu kwamba wao ndio wanaokunywa kwenye kifuniko cha chupa.

Bi Kadi aliusukuma ungo pembeni. "Mbona umebadilisha?"

"Si umeniuliza, Mama."

"Nimekuuliza nini?"

"Umesema 'kweli?'" Mkwewe alishuka kwenye kiti, akaanza kuona kwamba mambo si ya kabati. "Na wewe ukisema hivyo, kwa upole wako huo, mtu anajua amekosea. Humu ndani wote tunajua. Hata mwanao hubadilisha kabla hujamaliza."

"Huwa nasema?"

"Mama. Kila siku."

Bi Kadi alikichukua kile chombo akakishika mbele ya macho. Hakuhitaji rula. Miezi mitatu alikuwa ameiona kadi ya nane kila siku, na hii ndiyo ilikuwa kadi ya nane. Aliona aibu, aibu ya kumfanya mtu atake kukaa chini, na chini ya aibu akamkumbuka mumewe kwa uchungu ambao alidhani umeshapoa. Akakaa kwenye kile kiti cha mkwewe, kikombe mapajani.

Alhamisi alikuwa mlangoni kwa Daktari kabla ya mfagizi kumaliza korido.

"Sikupika," alisema. "Ila nimeharibu. Tusikilize zile rekodi, nawe usikie mwenyewe."

Walisikiliza. Sauti ya mwanamke mmoja, fundi cherehani, ilisema bila wasiwasi, "Bakuli." Kisha sauti ya Bi Kadi, laini, ya kishangazi: "Kweli?" Na fundi: "Aa, hapana. Kikombe." Kalamu ikasikika ikiandika. Akafuata dereva, akafuata mwuguzi, akafuata mzee mmoja aliyeng'ang'ania bakuli lake mpaka akaulizwa mara mbili. Yule ndiye mmoja kati ya arobaini aliyekataa kuyumba. Kadi ya tisa mambo yaligeuka: aliyesema kikombe ndiye aliyeulizwa. Jibu likiwa lile ambalo Bi Kadi mwenyewe angelitoa, alisema "Haya" na kugeuza kadi. Kadi ya kwanza na ya kumi na mbili "kweli?" haikusikika hata mara moja, kwa sababu huko hakuna aliyetofautiana naye.

Hadi saa saba mchana Daktari alikuwa ameandika majibu ya kwanza ya kila mtu. Kadi ya nane: kikombe ishirini na mawili, bakuli kumi na nane. Mteremko ulikuwepo tangu mwanzo, umefunikwa tu.

"Basi tutumie haya ya kwanza," Bi Kadi alisema, na matumaini yakasikika katika sauti yake.

Daktari alitikisa kichwa. "Aliyeulizwa 'kweli?' kwenye kadi ya tatu kuonyeshwa, kufika ya nne ameshajifunza kukusoma uso. Hata jibu lake la kwanza si lake peke yake. Alama walizojaza nazo zilikuja baada yako, nitaziwekea alama ya tahadhari. Lakini majina inabidi turudie, kwa watu wapya. Ule mstari uliokatika, Bi Kadi, haukuwa wa watu arobaini. Ulikuwa wako mmoja."

"Wa mume wangu," Bi Kadi alisema, akamweleza habari za chai na mkate.

Barua ya kamati aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake, ukurasa mmoja. Alieleza alichokuwa akikisema, kwenye kadi zipi, na kwamba hakujua. Ijumaa kamati iliisoma, ikasikiliza rekodi tatu, ikaandika "kosa la utaratibu, limeripotiwa na mhusika." Neno "kupika" halikuandikwa popote. Kadi zake akarudishiwa, kwa sharti moja: akae ameipa meza mgongo, watu wageuze kadi wenyewe, na asiseme lolote ila "Inayofuata."

Ikawa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Watu wapya waliingia, wakakuta mama amewapa kisogo, wakaanza kutaja. Kila mtu alipofika kadi ya nane Bi Kadi aliijua bila kuiona, kwa kile kimya. Kadi za pembeni zilijibiwa upesi, hii ilimfanya mtu avute pumzi. Mama mmoja alikaa muda mrefu, akauliza, "Nijibu nini hapa?" Bi Kadi aliuma mdomo. "Bakuli," yule mama akasema mwishowe, na Bi Kadi akaandika bakuli. Wa arobaini alipotoka, kadi ya nane ilikuwa imegawanyika kumi na tisa kwa ishirini na moja.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, alikitoa kikombe cha Mzee kabatini akakiweka mezani, kitupu. Kisha akamgeuzia mkwewe mgongo, akatazama dirishani.

"Hiki ni nini?"

Mkwewe aliacha kumenya vitunguu. Kimya kilikuwa kilekile cha kadi ya nane.

"Kikiwa na chai ndani, kikombe," alisema taratibu. "Mzee alipokuwepo, kilikuwa kikombe. Sasa hivi, Mama, mimi naona bakuli."

Lile "kweli?" lilimfika Bi Kadi mpaka kwenye meno. Alilimeza. Akaendelea kutazama nje mpaka macho yakakauka, kisha akageuka.

"Haya," alisema. "Weka vitunguu humo."