Barua ya Majukumu Iliyolala Mezani Kwangu

Desemba ile niliogopa karatasi. Zilikuwa mbili, zimepigwa taipu, juu zimeandikwa jina la mtunza ghala wetu wa Tororo, na chini palikuwa na nafasi ya sahihi yangu mimi, mkuu wake wa kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ya ghala nilipoingia kampuni ya pamba sijui hata kuandika hati ya kupokea mzigo.

Mwaka huo kampuni ilipangwa upya. Hadi Juni mzee yule, mzaliwa wa Mwello, upande wa Tororo, alikuwa akipokea na kutoa magunia, mbegu na vipuri, basi. Katikati ya mwaka ghala la Busia likaunganishwa na lake, mtunza wake akaachishwa kazi. Sasa mzee alitakiwa asimamie yote mawili, ahesabu mali kila mwezi, na taarifa ifike kwa meneja kabla ya tarehe tano. Aliambiwa hayo kwa mdomo, tumesimama uani, lori likinguruma hata maneno mengine hayasikiki.

Taarifa zake zikachelewa. Ya Juni, ya Julai, ya Agosti.

Meneja alikuwa mgeni, ameletwa kutoka Jinja kuja kupunguza watu. Aliniita akasukuma kwangu zile karatasi mbili, fomu ya kumpima mzee.

"Majukumu mapya ndiyo hayo, yameorodheshwa. Mpime kwa hayo. Mwaka mzima."

"Bwana, nusu ya mwaka hayakuwepo."

"Kachelewa au hakuchelewa?"

"Kachelewa."

"Basi andika hairidhishi. Nataka Ijumaa."

Kila mtu alijua maana ya neno hilo. Aliyeandikiwa hairidhishi Desemba hakuiona Februari kazini.

Nilirudi chumbani kwangu nikavuta faili lake nitafute tarehe aliyopewa majukumu kwa maandishi. Nakala ya barua ilikuwepo, ya mwanzo wa Agosti. Pale anapotia sahihi mpokeaji, palikuwa na sahihi yake na tarehe kwa mkono wake: mwisho wa Septemba.

Wiki zile karibu nane barua ilikuwa kwangu. Nilipewa nimpelekee, nikaifungia kwenye mtoto wa meza, kwa sababu niliona haya kumkabidhi mwalimu wangu orodha ya kazi ya watu wawili. Kila asubuhi nilisema kesho. Mzee alikuwa akifanya kazi asiyojua itapimwa kwa kipimo gani, na aliyemficha kipimo ni mimi.

Nikiandika ukweli, nimejishtaki. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nyumba niliyokaa na mke wangu mja mzito ilikuwa ya kampuni. Siku tatu zikapita. Nikisikia viatu vya meneja kwenye veranda, ninafunika faili.

Alhamisi nilikwenda ghalani. Mzee alikuwa amepanda juu ya magunia, anahesabu kwa sauti. Akashuka polepole.

"Mzee, ile barua ya majukumu ilifika kwangu Agosti. Nilikaa nayo."

Alijifuta vumbi la mbegu usoni.

"Mimi nalijua," alisema kwa Kiswahili chetu cha mpakani. "Tarehe ya juu naliona siku ile nilitia sahihi. Nalingoja wewe useme."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Wewe ndiye mkubwa yangu. Mimi nasema kwa nani?"

Kumbe na yeye alikuwa akiogopa, na aliyekuwa akimtia hofu ni mimi. Hilo lilinitisha kuliko meneja.

Usiku sikulala, ila asubuhi niliiandika fomu kwa namna mbili. Januari hadi Juni nilimpima kwa kazi yake ya zamani: nzuri. Kuanzia siku aliyotia sahihi barua, nilimpima kwa majukumu mapya: taarifa za Oktoba na Novemba zilifika kwa wakati, ila hesabu ya Busia bado ina makosa: wastani. Miezi ya katikati niliiacha bila alama, na kwenye nafasi ya maelezo nikaeleza sababu, pamoja na kosa langu. Mzee akasoma, akaandika maoni yake mistari miwili, akatia sahihi.

Meneja alisoma amesimama. Shingo ilimvimba.

"Unajua umejifanya nini?"

Nilijua. Niliitikia kwa kichwa.

Hakuwa na ruhusa ya kubadili fomu iliyokwisha kutiwa sahihi na mwenye kupimwa. Aliweza tu kuongeza maneno yake na kuipeleka makao makuu Kampala. Tulingoja Januari yote. Kila gari la posta lilipoingia, nilishika ukingo wa meza.

Jibu lilikuja. Mzee alibaki, kwa alama ya wastani, na akapewa karani wa kumsaidia Busia. Mimi nilipata barua ya onyo, na nafasi ya kupanda cheo mwaka ule ikaenda kwa mwingine. Barua ile niliisoma mara mbili, kisha nikatia sahihi ya mpokeaji, na tarehe ya siku ile ile.