Nilivyoiaga nyumba ya baba kwa maneno ya uongo

Hili sijalisema hata kwenye kitubio, nalisema kwenu. Nimekosa.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa mzee mmoja mwalimu mstaafu wa Matogoro, Songea. Nimeolewa, nashona nguo Makambako. Mwaka huu wazazi waliamua kuuza nyumba tuliyokulia. Mama alipooza upande mmoja, anatakiwa kufanya mazoezi hospitali ya Peramiho mara kwa mara, na kumpandisha na kumshusha kwenye gari kila safari kulikuwa kunammaliza. Baba alipata nyumba ndogo ya kununua kule Peramiho. Hii ikiuzwa, ile inalipwa, mama anapumzika. Mnunuzi alikuwepo, mwalimu mgeni aliyehamia kutoka kanda ya ziwa, mpole, na mkataba ulikuwa usainiwe Jumatatu mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Nilikuja kusaidia kufunga vyombo. Jumatano, baada ya kufungasha sahani, nikatoka uani kupiga picha. Nikapiga jiko la nje na masizi yake, baraza jekundu ambalo mama alikuwa akilisugua kwa nta, mparachichi, na vilima vya Matogoro nyuma ya bati. Nikalia kidogo, nikajisikia nimekubali iuzwe. Nikataka kuaga vizuri, watu wasome.

Kwanza niliandika hivi: "Kwaheri nyumba yetu. Baba aliijenga, tulikaa vizuri." Nikaisoma, nikaiona kavu. Nani ataguswa na hiyo? Nikafuta. Nikamkumbuka bibi, mama yake baba, aliyeishi nasi miaka yake ya mwisho kwenye chumba cha pembeni. Nikaandika upya:

"Kwaheri nyumba ya bibi. Ulitupokea wachanga, unatuaga watu wazima. Bibi alituachia wewe, sisi wajukuu zake, nasi leo tunakuacha kwa moyo mweupe. Kuta zibaki, vicheko tunaondoka navyo."

Nikaweka picha nne, nikamalizia na kamoyo kekundu, nikaituma Facebook na kwenye stetasi. Jamani, ilipendwa! Watu niliosoma nao wakaandika wanalia. Mwingine akaomba aikopi aagie nyumba yao Mbinga. Nikalala na raha zangu.

Bibi hakumwachia mtu nyumba. Alikuja hapo akiwa mgonjwa, nyumba ina miaka kumi na zaidi. Nililijua hilo wakati naandika. Niliandika kwa sababu ilipendeza.

Ijumaa asubuhi mwenyekiti wa mtaa akampigia baba. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba wa kuzaliwa, amepeleka malalamiko. Anasema nyumba ni ya mama yao, ni ya urithi, haiwezi kuuzwa bila kikao cha ukoo. Mwenyekiti akasema pakiwa na malalamiko hawezi kugonga muhuri kwenye mkataba wowote. Mnunuzi naye akasikia. Akasema kwa adabu kwamba anaogopa kununua kesi, atasubiri wiki moja, baada ya hapo ataangalia kwingine.

Nikaenda chooni, nikafuta ile posti. Bure! Ilishasambazwa, ilishafika kwenye kundi la ukoo, na baba mdogo alishaichapisha kwenye karatasi dukani.

Baba hana simu ya kuona hayo. Akabaki anajiuliza nani amemtia mdogo wake maneno ya nyumba ya bibi. Kisha akamgeukia mama. Mama huwa anaongea na mke wa baba mdogo kila Jumapili baada ya misa. Baba hakugomba. Chai aliyompelekea mama kila asubuhi tangu augue, akaacha kuipeleka. Ikawa naipeleka mimi.

Na mimi nilinyamaza! Siku nne nilimwona mama analia kwa jicho la upande usiopooza, nami nakunja mashuka kama sijui kitu. Niliogopa. Presha ya baba ilikuwa juu, kila akikohoa chumbani naenda kuchungulia. Nikawaza, nikisema ataanguka, nisiposema nyumba itakosa mnunuzi na mama atabaki hapa hapa. Simu ikiita nakimbia nje. Pikipiki ikipunguza mwendo getini naona ni baba mdogo amekuja. Usiku nilikuwa naomba Mungu mnunuzi tu asiondoke, sikuomba nipate ujasiri.

Jumanne tukaitwa ofisi ya mtaa. Baba alikwenda na bahasha yake ya nailoni, ndani ina karatasi ya zamani ya kununulia kiwanja, na mzee jirani aliyeshuhudia mauziano yale. Baba mdogo akasimama, akasema hana ugomvi na kaka yake, ila ushahidi ameutoa kwa mtoto wa kaka yake mwenyewe. Akaweka karatasi mezani. Picha zangu zile, jina langu juu.

Mwenyekiti akaisukuma kwangu. "Haya ni maneno yako, mama. Yasome, mzee asikie."

Nikayasoma. Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye homa. Nilipofika kwenye vicheko nikashindwa, nikamaliza kwa kunong'ona.

Mwenyekiti akaniuliza kama kweli bibi alituachia nyumba. Nikasema hapana, nyumba ni ya baba, bibi aliikuta. Akauliza kwa nini basi niliandika. Nikamwambia ilipendeza kusomeka hivyo.

Baba hakunitazama. Alikuwa anaiangalia ile karatasi.

"Maneno mazuri sana," akasema. "Ila mimi humo simo."

Baba yangu alikanyaga udongo wa tofali zile kwa miguu yake, kila akitoka kufundisha. Alizichoma mwenyewe, alibeba mchanga kwa baiskeli miaka mitatu. Nilikuwa mdogo lakini nilimwona. Katika sentensi zangu zote za kuaga, hakuwemo hata kwa neno moja.

Shauri liliisha. Mwenyekiti aliipitia karatasi ya kiwanja, mzee jirani akathibitisha, na baba mdogo akakubali kuandika kwamba hana dai. Mnunuzi alirudi. Baba akasaini, mama akaweka dole gumba la kuridhia, muhuri ukagongwa. Wamehamia Peramiho, mama sasa anatembea na fimbo hadi mlangoni.

Lakini mama aliambiwa siku ile kwamba nilimwacha abebe kosa langu. Hajanisema. Ananiita "mgeni" nikifika, anacheka kidogo, na mimi sijui kama ni utani. Baba nikimpa shikamoo anaitikia vizuri, anaulizia wajukuu, kisha anakosa la kuongeza.

Nimeandika posti nyingine ya kuiaga nyumba, nimemtaja yeye na tofali zake. Naye hana simu ya kuisoma. Ningeweza kwenda kumsomea. Nauli ninayo, na cherehani inaweza kunisubiri siku mbili. Naogopa uso wake. Na naogopa zaidi ile simu ya alfajiri kutoka Peramiho, kwa sababu baba amezeeka na mimi bado sijaomba msamaha. Kila ikiita namba ya kule, napokea nikiwa nimekaa chini.

Wewe ambaye wazazi wako wanauza nyumba, iage, ni haki yako. Ila kabla hujagusa pa kutuma, nenda kwa aliyeijenga umsomee kwanza. Akisema siyo hivyo, futa, hata kama imependeza. Mimi nilitaka watu wengi walie, nikawaumiza wawili wa nyumbani.