Nusu Dakika Aliyoikata Jirani

Video ilinifikia Masasi kabla sijapigiwa simu na mtu. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Nilikuwa ofisini kwetu, chumba kimoja nyuma ya stendi, nikafungua grupu la ukoo na kumwona shemeji yangu ameshika msumeno wa mashine. Mikorosho ya dada yangu ilikuwa inaanguka na maua yake, mmoja baada ya mwingine. Chini yake ndugu walikuwa wamejaza vikaragosi vya kulia na poleni nyingi. Pole ya kwenye simu haina nauli, kila mtu anayo.

Dada yangu ni mjane, anaishi kijiji kimoja upande wa Newala. Mikorosho ile aliipanda marehemu mumewe kwenye ardhi ya ukoo wetu, na kwetu kule juu, kwenye uwanda wa Newala, ardhi ina mwenyewe na miti ina mwenyewe. Ardhi ni ya ukoo wa mama, na msimamizi wake ni mjomba. Miti ni ya aliyeipanda, na dada alikuwa akiitunza kwa ajili ya wanawe. Miti ikisimama, watoto wana shamba. Miti ikilala, wana visiki.

Kesho yake nilipanda gari la Newala. Polisi walikuwa wamemhoji shemeji tayari, naye alikuwa na jibu lililonyooka: ni kweli amekata, lakini alikata mwaka jana, kaka yake, yaani marehemu mume wa dada, angali hai, kwa amri ya kaka yake, ili wapande miche mipya. Video ni ya zamani, alisema, wanaisambaza sasa kwa chuki. Wafu hawaitwi mahakamani, na yeye alilijua hilo.

Mpelelezi, mama mmoja mpole mwenye sauti ya uchovu, alinionyesha video aliyotumiwa na dada. Ilikuwa imepita kwenye magrupu matatu, imebanwa mpaka sura zinavunjika, na taarifa za faili hazikusema chochote isipokuwa siku ilipopokelewa.

"Hii inanionyesha mtu anakata miti," alisema. "Lini? Niletee iliyotoka kwenye simu iliyorekodi. Na simu yenyewe."

Aliyerekodi alikuwa jirani wa dada, mwanamume wa makamo aliyekuwa amejificha nyuma ya ua wa mihogo siku ile. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilimpigia hodi, nikamweleza shida yangu, akanipa simu bila kuniangalia usoni. Nikaiweka kwanza kwenye hali ya ndege, kisiingie wala kisitoke kitu. Nikalinganisha saa yake na yangu. Ilikuwa mbele kidogo, nikaandika tofauti hiyo. Halafu nikafungua taarifa za video. Tarehe ilikuwa ya siku moja baada ya tukio.

Nilimgeukia. "Kaka, hii umeigusa."

"Nimepunguza kidogo tu mwanzoni."

"Kwa nini?"

Akaendelea na mahindi yake. Mtu akipunguza video kwenye simu kama ile, simu huhifadhi kipande kama faili jipya lenye tarehe mpya. Jirani alikuwa amempa shemeji wakili wa bure. Nikamwuliza kwa hasira kama ile nzima ameifuta.

"Ipo," alisema. "Lakini dada, usiifungue. Niliona aibu kwa niaba yenu."

Niliifungua. Kwa nusu dakika msumeno haujawashwa. Mikorosho imesimama yote, imechanua, upepo unaitikisa, na kando ya picha inasikika sauti ya mzee, wazi kabisa, sauti iliyonifundisha kuhesabu na iliyopokea mahari yetu sote. "Kata yote. Miti ya marehemu ikiisha, shamba linarudi mkononi kwangu."

Mjomba wetu. Kaka wa mama yetu, tumbo moja.

Jirani alilia kabla yangu. Alisema mtu mzima hawezi kumvua nguo mjomba wa watu mbele ya grupu. Ndiyo maana alikata sehemu hiyo, akatuma inayobaki. Angekuwa mtu wa mahali pengine angeituma nzima na kuiwekea muziki. Heshima yake ndiyo nusura ituponze.

Dada alikuwa hajaisikia. Nilimwambia nyumbani kwake, mlango umefungwa. Kwanza alikataa kwamba ile ni sauti ya mjomba. Kisha akaomba tupeleke kile kipande kifupi: shemeji afungwe, mjomba abaki.

"Kipande hakina tarehe ya kweli," nilimwambia. "Tukipeleka kipande, watauliza mwanzo uko wapi, na shemeji ataondoka anacheka. Ni nzima au basi."

Alikunja na kukunjua ncha ya kanga. "Watoto wangu watakula heshima?" alisema. "Peleka nzima."

Basi nikafanya kazi yangu, na niliichukia kila hatua. Kwa waya, si kwa WhatsApp, nilinakili faili lile kwenye flashi mbili mpya, bila kulibadilisha jina wala kulipunguza. Nilipiga picha ukurasa wa taarifa zake: tarehe, saa, urefu, ukubwa. Mahali hapakuwa pamerekodiwa, nikaandika kuwa hapakurekodiwa. Kwenye karatasi niliweka nani alirekodi, amesimama wapi, nani alinipa simu, saa ngapi, nimefanya nini, nimemkabidhi nani. Kile kipande nacho nilikiorodhesha, na sababu ya kukatwa kwake kwa maneno ya jirani mwenyewe. Palipohitaji maelezo ya yaliyomo niliandika: sauti ya mwanamume mzee. Kalamu ilikataa kuandika mjomba.

Jirani aliikabidhi simu kwa mpelelezi mwenyewe, akasaini hati ya ukamataji, ikafungwa kwenye bahasha na kupigwa lakiri. Baadaye aliapa kiapo kwamba ni yeye aliyerekodi na kwamba haijabadilishwa. Alikaa msimu mzima bila simu, na ukoo wangu ukaacha kumsalimia.

Mahakamani, mjomba naye akiwa kizimbani, wakili wa shemeji alikomaa na kile kipande: tarehe mbili, video mbili, tuamini ipi? Karatasi ikamjibu, jirani naye akamjibu. Ile nzima ilikuwa na tarehe ya baada ya maziko ya marehemu. Ikachezwa kwa spika ndogo, na sauti ya mjomba ikajaa chumba. Hakuikana. Alisema tu, "Ni mimi," kama mtu anayeitika jina shuleni. Wote wawili wakatiwa hatiani.

Watu walinipongeza. Nilitamani kuwatukana. Dada hakualikwa tena kwenye shughuli yoyote ya ukoo, na mimi kila mara wanasema wamesahau kunialika. Shamba liko mikononi mwa dada, lina visiki na machipukizi yanayofika magotini, na watoto watakuwa watu wazima kabla hayajazaa vya kutosha.

Kesi ilipokwisha dada alinijia Masasi akaomba nimnakilie video. Nilishangaa. Nilidhani hataki kuiona tena maishani mwake.

"Hatukuwahi kulipiga picha lile shamba," alisema. "Marehemu hakuwa na simu ya picha. Miti yake imesimama humo tu."

Nikampa. Huitazama ile nusu dakika aliyoikata jirani. Hufunga sauti kwanza, kisha huizima video kabla msumeno haujawashwa.