Blanketi la Maua Lililokwenda Butula

Senge yangu, dada ya marehemu baba, alikubali kukatwa kidole cha mguu kwa sharti moja: asifunikwe blanketi la hospitali. "Hizo zimefunika watu wengi wakakufa ndani yake," aliniambia. "Mimi nitaenda na yangu."

Alikuwa anaishi Malaba, vyumba viwili nyuma ya barabara ambako malori hungoja kuvuka. Hapo aliuza chai na mandazi kwa madereva miaka na miaka, mpaka ugonjwa wa sukari ukamkalisha chini. Kidonda kilianzia kwenye mkwaruzo wa kandambili, kitu cha kupaka mafuta na kusahau, lakini hakikufunga. Kidole kikaanza kuwa cheusi. Daktari wa Busia alimwangalia mguu, akamwambia kikatwe upesi kabla weusi haujapanda. Kidole tu. Alilirudia hilo mara mbili ili senge asiogope.

Sasa, blanketi lenyewe. Jirani yake alikuwa na moja zito, la rangi ya maziwa, limejaa mawaridi mekundu makubwa kama sahani. Senge aliliona likianikwa kwenye kamba na akalipenda kama mtoto anavyopenda kitu. Nikachukua namba ya muuzaji kwa yule jirani. Alikuwa mama mmoja wa Nairobi anayeuza matandiko kwa simu, anatuma popote. Mimi nakaa Burumba, hapo Busia, na kazi yangu ni kuandaa karatasi za mizigo inayovuka mpaka, kwa hiyo mtu asiniambie sijui mzigo unavyosafiri. Nililipa, nikatumiwa picha ya blanketi, kisha picha ya mfuko mweusi uliofungwa kwa utepe, na karatasi imebandikwa juu: jina la senge, namba yake, Malaba. Ningeweza kuandika namba yangu. Niliandika yake kwa kusudi, apigiwe yeye, aambiwe mama njoo kuna mzigo wako. Maisha yake yote hakuna ofisi iliyowahi kumpigia simu kwa jambo jema.

Walimpigia kweli. Alimtuma mtu wa boda anayemjua, akampa kitambulisho, akaletewa mfuko. Baadaye mchana huo simu yangu ikalia.

"Mama," senge akasema. Huwa ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mamake. "Kwa hiyo mmeamua."

"Tumeamua nini?"

"Nimeziona shuka."

Nilimuuliza shuka gani, akasema ninazijua. Nikamwambia ampe jirani simu. Jirani akanong'ona, kama mtu aliye matangani, kwamba ndani ya mfuko mna shuka mbili nyeupe zenye lesi pembeni na mto mdogo mweupe.

Mtu wa kwingine angecheka, angesema wamekosea, rudisha. Kwetu Bukhayo, katika ukoo wetu, shuka za kutandika jeneza la mwanamke hununuliwa na mtoto wa kaka yake. Mtoto wa kumzaa hagusi. Mtoto wa kaka ndiye anayemsindikiza. Na mtoto wa kaka aliyebaki hai ni mimi peke yangu. Kwa hiyo senge hakuona kosa la muuzaji. Aliona niliyekuwa na haki ya kuzinunua nimezinunua, na nimemtumia mapema, kabla hajaingia kwa kisu.

Nilimweleza kwa simu mpaka sauti ikakauka. Alinisikiliza vizuri sana, na hilo ndilo lililonitisha. Mwishowe akasema, "Sawa. Nikiona hiyo ya maua kwa macho yangu, nitaenda. Nisipoiona, siendi popote. Nife hapa kwangu."

Nikampigia muuzaji. Hakuwa mtu mbaya, lazima niseme hivyo, ingawa siku ile nilimwita majina. Aliomba picha za kilichofika na picha ya karatasi ya juu. Nikamtumia. Akaguna. "Hizo shuka ni za mteja mwingine, dada. Na yeye ni wa huko kwenu, Butula. Mifuko yenu ilitoka hapa siku moja na karatasi zikiwa sawa. Shida iko kwa watu wa basi walioibeba." Akataka shuka zirudi kwanza ndipo atume jingine, kwa sababu hawezi kupoteza vitu viwili kwa kosa lisilo lake. Nilimwambia kuna mgonjwa. Akasema anaelewa, lakini arudishiwe kwanza. Kila muuzaji wa simu ana sheria hiyo, na mimi ningekuwa nayo.

Lakini nani angezitoa zile shuka nyumbani kwa senge? Zilikuwa kitini zilipoachwa. Jirani alikataa kuzigusa. Mtu wa boda, yule yule aliyezileta akiimba, aliposikia ni za nini alisema hata kwa pesa mara mbili hazibebi. Ikabidi ningoje siku ya mapumziko, nishike gari mwenyewe hadi Malaba.

Senge alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya stuli, umefungwa kitambaa. Chumba kilikuwa na harufu. Nilijua ni harufu gani na nilijifanya sijui. "Twende leo hii," nikamwambia. "Blanketi nitakuletea wodini."

"Umekuja kuchukua shuka," akasema. "Chukua."

"Senge, unaoza mguu kwa sababu ya mfuko wa watu wengine."

"Wewe ndiye uliyetuma mfuko," akajibu, akageukia ukutani.

Niliubeba mfuko hadi ofisi ya mizigo ya basi pale Malaba nikiwa nimejaa hasira. Kijana wa dirishani alianza na zile za kawaida: sisi hubeba tu, ongea na aliyetuma. Nikamwambia, boss, mimi kazi yangu ni mizigo, usinizungushe. Nikamwonyesha picha ya mfuko ulivyotoka Nairobi, utepe umezunguka mara nyingi na karatasi iko chini ya utepe. Kisha nikamwonyesha mfuko uliofika: karatasi ile ile, lakini juu ya utepe, imeshikizwa kwa gundi nyingine. Aliutazama muda mrefu. Akaita mkubwa wake. Mkubwa akapiga simu mbili tatu na kurudi amepoa. Alisema mvua iliingia kwenye buti ya basi. Mifuko ililowa, tepe zikaachia, karatasi mbili zikadondoka, na mtu wa zamu akabandika kwa kukisia. Mifuko yote ilikuwa myeusi.

"Tutalipa, mama," akasema. "Na tutaufuata wako Butula. Kesho uko hapa."

Nilifurahi. Kweli nilifurahi, nikampigia senge palepale nikamwambia kesho. Akaniuliza saa ngapi.

Kesho yake hawakuleta. Walisema mteja wa Butula hashiki simu. Keshokutwa vivyo hivyo. Nikawaomba namba, wakakataa, hawaruhusiwi. Nikamganda muuzaji mpaka akamtumia yule mteja ujumbe na namba yangu, na jioni ile namba ngeni ikanipigia. Sauti ya mwanamke, taratibu, imechoka.

"Wewe ndiye mwenye ile blanketi ya maua?"

"Ndiyo, mimi."

"Nisamehe," akasema. "Tulizika nayo."

Hapo ndipo niliposikia upande wa pili wa jambo hili. Alikuwa sokoni Khunyangu, huko huko Butula, alipoitwa kuchukua mzigo wake. Mwili wa mamake ulikuwa unatolewa mochari asubuhi ile, gari limekodiwa, watu wamejaa bomani. Aliufungua mfuko mbele ya wanawake waliokuwa wakimngoja wamvalishe marehemu, yakatoka mawaridi. Alimpigia muuzaji, simu haikushikwa. Kurudi Butula mjini kutafuta shuka hakukuwa na muda. Wakatandika blanketi, wakalikunja pembeni ili lisionekane ni kubwa mno.

"Watu walisema mama amependeza," aliniambia. "Lakini mimi nilikuwa naona aibu. Sikushika simu kwa sababu ningewaambia nini?"

Hasira yote niliyokuwa nimembebea kwa kutoshika simu iliisha. Nilimpa pole. Na yeye akaniuliza yangu ilikuwa ya nani. Nikamwambia ya shangazi, ni mgonjwa.

Senge sikumwambia. Ningemwambiaje kwamba blanketi lake liko kaburini? Nilimwambia muuzaji atume jingine usiku huo huo, kwa jina langu, kwa namba yangu, Busia. Ofisi ya mizigo ililipia, hilo walitimiza. Lakini aina ile ilikuwa imeisha dukani, akalazimika kungoja mzigo mpya, na kila siku niliyopiga aliniambia kesho, dada, kesho. Mimi nami kila siku nilimwambia senge kesho. Nilimbembeleza, nilimgombeza, nilimletea ndugu mmoja wa kanisani kwake. Alijibu kwa heshima na hakutoka.

Lilipofika nililichukua mwenyewe dirishani, nikalifungua palepale mbele ya foleni, nikahesabu mawaridi kama mwendawazimu. Nikaenda moja kwa moja Malaba. Senge alilishika kwa mikono miwili, akalipeleka usoni, akalinusa upya wake.

"Ni yenyewe," akasema.

"Ni yenyewe," nikamwambia.

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mfuko ule ufike. "Haya. Sasa twende," akasema, akaanza kutafuta kiatu cha mguu mzima.

Daktari ni yule yule aliyesema kidole tu. Alifungua kitambaa, akakifunga tena pole pole. Hakutugombeza. Alinitoa nje kwenye kibaraza akaniuliza kwa nini tulikaa hivyo, na mimi, ambaye nina jibu kwa kila mtu, nilisema blanketi. Alinitazama kama hajasikia.

Walimkata chini ya goti.

Nilipomwona baada ya dawa ya usingizi kuisha alikuwa amefunikwa mpaka kidevuni, mawaridi mekundu katikati ya wodi ile ya kijivu, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakilisifu. Yeye hakuwa amelitazama bado. Alikuwa ananitazama mimi. Mguu mmoja uliinua blanketi hadi mwisho. Upande wa pili, kuanzia chini ya goti, lilikuwa limelala juu ya godoro.

"Mama," akaniambia, ulimi bado mzito. "Nivutie hii miguuni. Mguu ule unasikia baridi."

Sikujua anasema upi. Nililivuta, nikalikunja vizuri kule chini, pande zote mbili.